Maji yaliyomo ndani ya chakula cha paka: kupima, kulinganisha na kusoma lebo

Bizari ni paka dume wa mama yangu mdogo, anaishi Ngamiani, hapa Tanga. Ana kilo 5, amehasiwa, na kwa miaka mitatu alikula chakula kikavu peke yake, kile cha punje, kwa sababu hakichachi na hakiachi harufu ndani ya nyumba. Msimu mmoja wa kaskazi alianza kwenda kwenye trei yake ya mchanga kila baada ya dakika chache. Anachutama, anakaza, anatoka, anajilamba, anarudi tena. Nilifika jioni. Nilipomwamkia mama mdogo akaitikia, "Marahaba mwanangu, hebu njoo umtazame huyu, tangu asubuhi anajikamua tu. Nimempa kijiko cha mafuta ya nazi, nadhani amefunga choo." Nikachukua kijiko, nikauchimbua mchanga wote wa trei. Choo kilikuwemo, cha asubuhi ile. Bonge la mchanga uliolowa halikuwepo hata moja. Tatizo halikuwa choo. Bizari alikuwa hawezi kukojoa.

Daktari wa mifugo alimwekea mpira wa mkojo usiku ule ule, akamtundikia dripu, na siku ya tatu paka akarudi nyumbani. Kabla hatujaondoka daktari alituuliza, "Huyu anakunywa maji kiasi gani kwa siku?" Tukatazamana. Bakuli lake tulikuwa tunalijaza kila siku, lakini hakuna aliyewahi kupima kilichopungua.

Mwongozo huu umetokana na swali hilo. Watu wengi wakilinganisha chakula kikavu na chakula laini, kile cha kopo au cha pakiti ndogo, huanza na bei au na harufu. Mimi nakuomba uanze na maji, halafu uende kwenye lebo, kwa sababu lebo haisomeki sawasawa mpaka uyatoe maji kwanza.

Kwa nini maji yatangulie

Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kame. Mnyama yule hakutegemea visima. Maji yake mengi aliyapata ndani ya panya na ndege aliowala, maana nyama ya mnyama mdogo kama huyo ni maji kiasi cha asilimia 70. Ndiyo maana hata leo figo za paka zina uwezo mkubwa wa kubana maji na kutoa mkojo mzito, na ndiyo maana kiu yake huchelewa. Mbwa akikosa maji kidogo tu utamwona anatafuta bakuli. Paka anaweza kupungukiwa, akalala zake barazani na asionyeshe chochote.

Sasa mpe paka huyo chakula chenye maji asilimia 8 tu. Atakunywa zaidi kuliko anayekula chakula laini, hilo ni kweli, lakini kwa kawaida hanywi kiasi cha kufidia pengo lote. Mkojo wake huwa mchache na mzito, na hukaa kibofuni muda mrefu. Madini yaliyomo huweza kuganda yakawa chembechembe kama mchanga laini. Jike ana mrija mpana kidogo, mara nyingi chembe hizo hupita. Kwa dume mrija ni mwembamba, na chembe chache zikichanganyika na ute zinatosha kuuziba.

Nisieleweke vibaya. Chakula kikavu si sumu, na wako paka wengi wanaokila maisha yao yote bila shida. Kuziba mkojo kuna sababu nyingine pia: unene, kukaa ndani bila kutembea, na hofu, mathalani nyumba inapohamwa au paka mgeni anapoletwa. Lakini katika sababu zote, maji ndiyo unayoweza kuyarekebisha leo jioni kwa kijiko na bakuli.

Hatua ya kwanza: mpime paka, kisha upime maji

Panda kwenye mizani ukiwa umempakata paka, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Mizani ya duka la dawa inatosha. Kwa paka mzima mwenye afya, kadiria mililita 50 za maji kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku, ukijumlisha yaliyomo kwenye chakula na anayokunywa. Bizari wa kilo 5 anahitaji kama mililita 250, yaani robo lita, glasi moja ya chai iliyojaa. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Joto, umri na ugonjwa hukipandisha au kukishusha.

Kisha pima anachokunywa. Asubuhi tia mililita 300 kwenye bakuli lake kwa kikombe cha kupimia au bomba kubwa la sindano. Chukua bakuli la pili linalofanana na la kwanza, tia kiasi kile kile, uliweke mahali penye hewa ileile lakini paka asipofika, kama juu ya kabati. Usiruke hatua hii. Hapa Tanga upepo wa kaskazi ukivuma dirishani, maji yanayokauka yenyewe si haba, nawe utadhani paka ndiye aliyeyanywa. Baada ya saa 24 pima yaliyobaki katika mabakuli yote mawili. Kilichopungua kwenye bakuli la paka, toa kilichopungua kwenye lile la juu ya kabati, ndicho alichokunywa. Rudia siku tatu, uchukue wastani, maana siku moja inadanganya.

Bizari alipotoka kwa daktari tulimpima hivyo akiwa bado anakula kikavu. Wastani ulikuwa mililita 130.

Hatua ya pili: hesabu maji yaliyomo kwenye chakula

Hapa ndipo utaiona tofauti kwa macho. Paka mzima aliyehasiwa, wa kukaa nyumbani, hutumia kama kalori 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Bizari basi anahitaji kama 250. Mfuko wa chakula chake kikavu unaonyesha kalori 370 katika gramu 100, na unyevu asilimia 8. Gramu 68 zinamtosha kwa siku nzima. Katika gramu hizo maji ni kama mililita 5 na nusu, kijiko kimoja cha chai na kidogo juu yake. Ukijumlisha na zile 130 alizokunywa, alikuwa anapata kama 135 kati ya 250. Zaidi kidogo ya nusu.

Chukua sasa chakula laini cha pakiti ya gramu 85, chenye kalori 85 katika gramu 100 na unyevu asilimia 80. Ili apate kalori zilezile 250 atakula karibu gramu 295, pakiti tatu na nusu. Ndani yake mna maji mililita 236. Hata asipogusa bakuli lake kutwa nzima, karibu mahitaji yake yote yameshaingia tumboni pamoja na chakula. Kwa hiyo usishtuke paka anayekula chakula laini akionekana hanywi. Amekunywa kwa kula.

Pakiti tatu na nusu kila siku ni gharama kubwa kwa nyumba nyingi, kwetu pia. Na si lazima ufike huko. Tulichomfanyia Bizari ni hiki: pakiti moja jioni, ambayo ni kalori 72 na maji mililita 68. Kalori 178 zilizobaki zinatoka kwenye kikavu, gramu 48, tunazozigawa asubuhi na mchana. Kwenye kikavu tunaongeza maji ya uvuguvugu mililita 50 kwa siku nzima, na kwenye pakiti tunakoroga mililita 30, vijiko viwili vya chakula. Jumla ya maji yanayoingia na chakula inakuwa kama mililita 150. Zinabaki 100 za kunywa, na hizo anazinywa bila kubembelezwa. Tofauti ya bei ni pakiti moja kwa siku. Tofauti ya mkojo tuliiona kwenye trei wiki ya pili: mabonge matatu makubwa ya mchanga uliolowa mahali palipokuwa na moja dogo lenye harufu kali.

Kikavu ukikitia maji, kihesabu kuwa kimekuwa chakula laini. Punje zilizolowa katika joto letu huchacha upesi. Mimi nampa dakika 30, kisha kilichobaki namwaga na bakuli naliosha. Sisimizi wakikusumbua, weka bakuli katikati ya sahani yenye maji. Kopo lililofunguliwa likae kwenye friji, limefunikwa, si zaidi ya siku mbili, na ulipashe kidogo kabla ya kumpa kwa kulitia maji ya moto. Paka wengi hukataa chakula cha baridi kwa sababu hakitoi harufu, si kwa sababu ya kuringa.

Hatua ya tatu: soma namba za lebo baada ya kutoa maji

Geuza mfuko au kopo utafute jedwali dogo la asilimia. Kwa kawaida mna mistari ya protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Lugha ya lebo ikikupiga chenga, anza na kopo: mstari wenye namba kubwa kuliko yote, ya 75 hadi 84, ndio wa unyevu. Ukishaujua huo, tafuta neno lilelile kwenye mfuko wa kikavu. Majivu yasikutishe. Hakuna aliyetia jivu la jikoni humo. Ni madini yanayobaki chakula kikichomwa maabara.

Sasa tazama kosa linalofanywa na karibu kila mnunuzi. Mfuko wa kikavu unasema protini 30. Pakiti laini ya aina nyingine inasema protini 8.5. Mtu anasema, kikavu kina nyama mara tatu na zaidi, kwa nini nilipie maji? Lakini namba hizo mbili hazijakaa kwenye mizani moja. Moja imepimwa ndani ya chakula kilichokaushwa, nyingine ndani ya chakula kilicholowa. Ni kama kulinganisha kilo ya mchele na kilo ya uji. Toa maji kwanza, kwa hesabu hii:

protini ÷ (100 − unyevu) × 100

Kikavu: unyevu ni 8, kwa hiyo sehemu kavu ni 92. Chukua 30, gawa kwa 92, zidisha kwa 100, unapata kama 33. Pakiti: unyevu ni 82, sehemu kavu ni 18. Chukua 8.5, gawa kwa 18, zidisha kwa 100, unapata 47. Kumbe pakiti ndiyo yenye protini nyingi zaidi katika kile paka anachokila hasa.

Wanga mara nyingi hauandikwi kabisa, lakini unaweza kuupata mwenyewe. Jumlisha mistari yote mitano, utoe kwenye 100. Mfuko wetu: protini 30, mafuta 10, majivu 8, nyuzinyuzi 4, unyevu 8, jumla 60. Wanga ni 40, na ukitoa maji unakuwa 43. Pakiti: protini 8.5, mafuta 4.5, majivu 2, nyuzinyuzi 0.5, unyevu 82, jumla 97.5. Wanga ni 2.5, na ukitoa maji unakuwa kama 14. Kama mstari wa majivu haupo, weka 2 kwa chakula laini na 7 au 8 kwa kikavu, hesabu itakuwa ya kukaribia. Lebo za Marekani huandika kiwango cha chini cha protini na mafuta, na kiwango cha juu cha unyevu na nyuzinyuzi, kwa hiyo jibu lako litakuwa makadirio. Linatosha kukuonyesha upande gani mzito.

Punje haziwezi kushikana bila unga wa nafaka au mizizi, ndiyo maana kikavu huwa na wanga mwingi. Paka anaweza kuusaga wanga uliopikwa vizuri, ila hauhitaji kama anavyohitaji protini, na punje ni rahisi sana kuzila kupita kiasi. Bakuli linalojazwa kutwa ndilo lililomnenepesha Bizari.

Hatua ya nne: soma viambato, na maneno ya mbele ya pakiti

Kabla ya viambato, tafuta tamko moja: kwamba ni chakula kamili kwa paka, na kwa umri gani. Kamili maana yake paka anaweza kukila hicho peke yake kila siku na asikose kitu. Kiko pia chakula cha nyongeza, mara nyingi kopo dogo zuri lenye vipande vya samaki katika maji yake. Lebo yake hutamka wazi kwamba ni cha kukamilishia kingine. Ni kizuri kwa kuongeza maji na hamu, lakini ukikifanya ndicho chakula chake cha kila siku, paka atapungukiwa huku bakuli limejaa. Kama lebo haina tamko lolote la namna hiyo, mimi hurudisha pakiti rafuni.

Kinachokosekana mara nyingi kikawa hatari ni taurini. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha, lazima aile, na chimbuko lake ni nyama na samaki. Ikikosekana miezi mingi, paka huharibika macho mpaka upofu, na misuli ya moyo hulegea na kutanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Kalifonia walionyesha uhusiano wa moyo huo na taurini, na viwanda vikaanza kuiongeza zaidi kwenye chakula. Itafute kwa jina kwenye orodha ya nyongeza.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kwanza, na uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Hapo pana jambo la kutazama kwa makini. Kuku mbichi ni maji karibu asilimia 70. Akitajwa wa kwanza kwenye chakula kikavu, ujue baada ya kukaushwa amebaki kidogo, pengine chini ya mahindi yaliyotajwa wa pili. Nyama iliyokwisha kukaushwa na kusagwa ikitajwa wa kwanza, hiyo protini ipo kweli, hata kama jina lake halivutii. Tazama pia nafaka iliyokatwa majina: mahindi, unga wa mahindi, protini ya mahindi, pumba za mchele. Kila moja iko chini ya nyama kwenye orodha, lakini ukizijumlisha huenda zikaishinda.

Mbele ya pakiti, tofautisha "na samaki" na "ladha ya samaki". Kwa kanuni za Ulaya neno "na" linadai angalau asilimia 4 ya kitu hicho, kwa Marekani asilimia 3. Neno "ladha" halidai hata kiasi hicho. Picha ya jodari mzima haidai chochote.

Chakula cha kupimiwa, dagaa na kopo la binadamu

Madukani wengi hununua kikavu cha kupimiwa kutoka gunia lililofunguliwa, robo kilo au nusu. Ni nafuu, na silaumu mtu. Lakini mwombe muuzaji akuonyeshe gunia lenyewe, upige picha jedwali, viambato na tarehe. Kisha nusa. Chakula kizuri kina harufu ya nyama kavu. Kikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala, mafuta yake yameharibika. Punje zikiwa zimelegea au zina vumbi la kijani au jeupe lenye manyoya, zimeingia unyevu na ukungu, usichukue hata kwa bure. Nyumbani, weka mfuko wake wenyewe ndani ya ndoo yenye mfuniko, usimwage punje moja kwa moja kwenye ndoo iliyobaki mafuta ya zamani, na usinunue zaidi ya mwezi mmoja.

Dagaa wa baharini tunaowapata pwani hii, wengi wamechemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke, mwaga maji, wachemshe upya kwa maji matupu, umwage tena, ndipo umpe wachache kama kitoweo. Ugali na dagaa peke yake si chakula kamili cha paka wa ndani. Paka wa zamani waliokula hivyo walikuwa wanajazia kwa panya na mijusi. Samaki mbichi wa kila siku pia hafai, kwa sababu baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mpike kwanza, utoe miiba.

Jodari wa kopo la binadamu ana chumvi au mafuta, na hajatiwa taurini wala vitamini za paka. Kijiko kimoja kwa wiki hakina neno. Kopo kila siku humletea paka upungufu wa vitamini E, mafuta ya mwilini yakavimba na kuuma. Kingine chochote chenye kitunguu maji au kitunguu saumu, hata mchuzi tu, usimpe, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Ukitaka kumwongezea maji kwa bei ndogo, chemsha kichwa cha changu au mifupa ya kuku kwa maji matupu. Usitie chumvi, kitunguu, ndimu wala tui. Chuja mchuzi kwa kichujio cha chai mara mbili, acha upoe, uengue mafuta ya juu. Vijiko viwili juu ya chakula ni mililita 30 ambazo hatakataa. Mimina uliobaki kwenye trei ya barafu, utoe kipande kimoja kila mlo.

Kumhamisha paka kutoka kikavu kwenda laini

Bizari alikinusa chakula laini siku ya kwanza, akakifukia kwa mkono kama anavyofukia choo. Mama mdogo akasema, "Muache, njaa itamfundisha." Hapo nilimkatalia kwa adabu. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini likashindwa kazi. Huo ni ugonjwa wa kuua. Usimshindishe paka njaa hata siku moja ili akubali chakula.

Tulianza na kijiko kimoja cha chai cha chakula laini kando ya kikavu chake, sahani ileile. Siku ya tatu tukakikandamiza chini ya punje, zikashika harufu. Siku ya tano vijiko viwili, na maji ya uvuguvugu juu yake. Siku ya kumi alikuwa anamaliza pakiti. Wengine huchukua mwezi. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma, ukae hapo siku tatu.

Bakuli la maji nalo libadilishwe: pana, ili sharubu zisigonge ukingo, la udongo uliopakwa rangi ya kung'aa au la chuma, mbali na chakula na mbali zaidi na trei. Weka mawili matatu, na ubadilishe maji asubuhi na jioni. Sisi tuligundua Bizari anapenda lile la ukumbini karibu na mlango, lile la jikoni halitaki.

Kinachotazamwa kila siku

Mchanga wa trei ndio mizani yako. Kwa paka mzima tarajia mabonge mawili hadi manne ya mkojo kwa siku. Paka wa kutoka nje mfungie chumbani na trei usiku mmoja kila wiki, asubuhi uhesabu. Mkojo ukiongezeka ghafla na paka akawa anakunywa kupita alivyozoea, hasa mzee au anayekonda, usifurahi kwamba anakunywa vizuri. Figo na kisukari huanza hivyo, mpeleke akapimwe. Na paka ambaye tayari ana ugonjwa wa figo, moyo au mawe ya mkojo, chakula chake kipangwe na daktari, hesabu zangu hizi hazimhusu.

Dume akichutama mara kwa mara na mchanga ukabaki mkavu, akilia, akijilamba chini, au tone la damu likionekana, usisubiri asubuhi. Sumu ya mkojo na potasiamu hupanda kwenye damu, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usimbonyeze tumbo, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Usimpe panadol hata robo kidonge, inaua paka. Usimlazimishe maji kwa bomba, mlango umefungwa na maji hayana pa kutokea. Mtie kwenye kapu lenye kitambaa, na njiani jikumbushe mambo matatu ambayo daktari atayauliza kwanza: saa ya mwisho ulipoona mchanga umelowa, chakula anachokula na kiasi chake, na kama ametapika.

Mama mdogo sasa ameyaandika hayo kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa ndoo ya chakula, pamoja na namba ya daktari na uzito wa Bizari. Uzito ameufuta na kuuandika upya mara mbili. Safari hii umeshuka, ni 4.6.